Pua iliyozoea: maswali kutoka Lamu kuhusu marashi

Nafundisha chekechea hapa Lamu mjini. Asubuhi najifukiza udi, natia mafuta ya udi shingoni, halafu napuliza marashi mara nne. Ikifika saa nne siyasikii tena, naongeza. Wifi yangu asema hata nikishakata kona, watu wajua nimepita. Je, nimeuziwa marashi feki?

Msikilize wifi yako, dada. Ikiwa yeye ayasikia na wewe huyasikii, marashi yapo. Kilichonyamaza ni pua yako.

Juu kabisa ndani ya pua kuna seli za kunusia. Chembe ya harufu ikizigusa, milango midogo kwenye seli hufunguka, kalsiamu huingia, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Lakini kalsiamu hiyohiyo huanza kuizuia milango isifunguke tena kirahisi, kwa hivyo ndani ya dakika chache habari hupungua. Ubongo nao huacha kushughulika na harufu isiyobadilika, ili upate nafasi ya kugundua jipya: moshi jikoni, samaki aliyeanza kuharibika. Ndiyo maana darasani wasikia vizuri mandazi ya watoto, lakini marashi yako huyasikii.

Kwako mambo yaanza mapema zaidi, kwenye chetezo. Unapofika kwenye chupa, pua imeshazoea udi, na kama marashi yenyewe yana udi ndani, wayasikia nusu tu tangu mwanzo. Na nyumba inayofukizwa kila siku huzoesha pua kwa undani zaidi. Mazoea ya wiki nzima hayaondoki kwa kutembea dakika kumi. Pua yaweza kuhitaji siku nyingi bila harufu hiyo.

Kuna jambo jingine linalowadanganya wengi. Harufu nyepesi, kama za ndimu na machungwa, huruka kweli, tena haraka kwa joto la Lamu. Nzito, kama udi, sandali na miski, hukaa kwenye ngozi kwa saa nyingi na kwenye nguo hata siku kadhaa. Saa nne unapoongeza, watafuta ile nyepesi iliyokwenda, lakini chupa haikupi hiyo peke yake. Walimbikiza nzito juu ya nzito, na hiyo ndiyo inayobaki njiani nyuma yako. Miski ina vituko vyake pia: wapo watu ambao pua zao hazisikii baadhi ya aina zake kabisa, tangu kuzaliwa.

Basi nipulize mara ngapi, na nitajuaje nimezidisha?

Usiiulize pua yako. Amua idadi ukiwa nyumbani na usiivuke. Mpulizo mmoja wa chupa ya kawaida hutoa takriban mililita 0.1, na kwa mtu aliyekwisha kujifukiza na kutia mafuta, mmoja au miwili yatosha. Siku za darasani ningeacha kimoja kabisa, mafuta au chupa. Puliza kifuani au mgongoni kabla ya kuvaa, si kooni. Ukipuliza chini ya pua, wavuta harufu hiyo kila pumzi, nayo yazoeleka upesi zaidi. Ukilazimika kuongeza, ngoja mpaka baada ya adhuhuri, na uongeze mpulizo mmoja.

Kipimo ni hiki. Tundika buibui la jana chumba usicholala. Asubuhi, kabla ya kuwasha chetezo, teremka ufuoni ukae kama robo saa kwenye upepo, kisha urudi ulinuse. Likikufikia kabla hujalisogeza puani, jana ulizidisha. Lisipokufikia, usijiamini bado, maana mazoea ya siku nyingi hayaondoki kwa robo saa. Muulize mtu anayeingia kutoka nje. Mumeo hafai kwa hili. Amefukizwa chumba kimoja nawe. Zile buni za kahawa ambazo wauza marashi hukunusisha hazina ubora kuliko hewa safi, ingawa zapendeza.

Ukishazidisha, kupuliza maji hakusaidii. Osha ngozi kwa sabuni na ubadilishe nguo, maana kitambaa ndicho kinachoshika zaidi. Nalitilia mkazo hili kwa sababu ya watoto wako: mwenye pumu aweza kubanwa kifua kwa marashi makali, na chekechea hajui kukwambia sababu. Ukimwona anakohoa au kupumua kwa mlio kila unapomwinamia, siku hizo usipake kitu.

Nitajuaje kama si ugonjwa?

Nusa karafuu, kahawa na ganda la ndimu. Ukizisikia zote, ni mazoea tu. Usipozisikia, au chakula kimepoteza ladha, huenda ni mafua, korona, mzio au vinyama ndani ya pua. Mafua yakiisha na wiki mbili zikapita bila harufu kurudi, nenda ukaangaliwe. Nenda mapema zaidi kama imepotea baada ya kugonga kichwa, au pua moja imeziba na inatoa damu. Na mpaka irudi, wakague wengine gesi na samaki kwa niaba yako.