Jino kuacha kuuma sio kupona

"Gego limeacha kuuma ila chini ya taya kumevimba, si ndo linapona hivo?"

La bwana. Maumivu yakikata ghafla, mara nyingi usaha umeshatoboa mfupa, presha ikashuka. Mizizi ya magego ya nyuma ya chini inaishia chini ya msuli uliobeba ulimi, so usaha hauji mdomoni, unazama chini ya taya kuelekea shingo.

Jirani yangu hapa Langoni alikanda chumvi moto siku mbili akisema nafuu imekuja, ya tatu kaamka mdomo haufunguki hata vidole viwili havipiti, chini ya kidevu pagumu kama ubao pande zote mbili, ulimi umesukumwa juu, mate yanamchuruzika kwa kuwa hawezi kumeza, na sauti kama ana tonge mdomoni. Hapo tena sio habari ya jino, ni pumzi! Tulimkalisha wima kwenye boti ya kumpeleka hospitali, maana akilala chali ulimi unaziba njia ya hewa.

Hospitali walilinda pumzi kwanza, kisha wakapasua usaha utoke, wakang'oa gego. Antibayotiki ya mshipa alipewa, ila dawa peke yake haiufikii vizuri usaha uliofungiwa (vidonge vya dukani ndo kabisa).