Kuki sio kirusi

"Nikibonyeza Accept kwenye ile fomu ya kuki inayotokea nikifungua tovuti, si ndo nawaruhusu waingize kirusi kwenye simu yangu?"

Hapana dada, kuki ni kipande cha maandishi tu, haijiendeshi kama programu. Tuseme uko stendi ya Moshi unasubiri basi, unaangalia viatu kwenye duka la mtandaoni, ukiweka pea moja kapuni tovuti inatuma kwenye brauza yako kuki kama hii:

```
Set-Cookie: kapu=8f3a21
```

Brauza inaitunza, na kila ukifungua ukurasa mwingine wa duka hilo inairudisha, ndo maana viatu bado unavikuta, bila hivyo tovuti haikukumbuki kabisa. Kuki ya kapu hata sheria za Ulaya, zilikoanzia hizo fomu za ruhusa, hazilazimishi uombwe ruhusa.

Wanaomba hasa kwa ajili ya zile za matangazo. Kampuni ileile ya matangazo ikiwepo kwenye duka la viatu na kwenye tovuti ya habari, kuki yake inaitambua brauza yako kote kuwili, basi viatu vinakufuata mpaka kwenye matokeo ya mpira (brauza nyingine siku hizi zinazizuia zenyewe). Mimi nabonyezaga Reject all, na kapu langu halijawahi kupotea.