Umepata kazi mpya, posti ya LinkedIn uiandikeje bila kuwaudhi wa zamani

Kazi yangu ni kukaa na watu hapa Kigoma mjini kutengeneza sivii na profaili, kabla ya hapo nilikuwa ofisi ya rasilimali watu kwenye mashirika ya huku kwetu, kwa hiyo posti za "nina furaha kuwatangazia" nimezisoma mpaka basi. Nyingi hazina shida yoyote. Zinazoleta kesi ni zile za mtu anayetoka kwenye shirika ambalo ufadhili umekata, nusu ya wenzake mikataba haikuongezwa, wako nyumbani Kasulu au Kibondo wanasubiri, halafu yeye kapata. Huyo akiandika vibaya ofisi itaona hana shukrani, na wenzake wataona anawatambia.

Juzi kaja dada mmoja, alikuwa msaidizi wa ghala upande wa Kasulu, kapata kazi ya kusimamia shehena na kampuni moja ya usafirishaji bandarini hapa. Akanionyesha alichoandika:

"Hatimaye! Mungu hamtupi mja wake. Baada ya miaka ya uvumilivu natangaza rasmi kwamba nimechaguliwa kati ya waombaji wengi kuwa Msimamizi wa Shehena. Walionidharau mtajionea. Asanteni wote kwa sapoti."

Nikamwuliza, dada, huko ulikotoka walikutesa? Akacheka akasema hapana, bosi alikuwa mtu mzuri tu, hayo maneno kaona wenzake wanaandika hivyo. Sasa soma kama bosi wake wa zamani. "Hatimaye" na "uvumilivu" vinamwambia pale palikuwa gerezani. "Walionidharau" ni nani, maana kila mtu aliyewahi kumrudishia ripoti airekebishe atajihisi ni yeye. Na hiyo ya "kati ya waombaji wengi" ndiyo mbaya kuliko zote kwa huku, mji wenyewe huu huu, tangazo la ile kazi lilizunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp, kwa hiyo kati ya hao waombaji wengi kuna wenzake wa stoo, tena wengine ndio waliomtumia tangazo.

Kosa la pili watu hawalioni kirahisi, ni shukrani kuwa jumla jumla. "Asanteni wote kwa sapoti" haimgusi mtu. Ukitaka shukrani iaminike taja kitu kimoja ulichofundishwa, na useme sasa kinakusaidia wapi, hapo majivuno yanapungua yenyewe kwa sababu sifa inakwenda kwa mwingine. Nikamwomba anisimulie stoo yao ilikuwaje, tumeongea karibu saa nzima, halafu tukaandika hii:

"Wiki hii nimeanza kazi ya kusimamia shehena bandari ya Kigoma, mizigo inayovuka ziwa kwenda Bujumbura na Kalemie. Kazi ya stoo nilifundishwa Kasulu. Bosi wangu pale hakukubali mtu asaini weibili kabla gunia la mwisho halijahesabiwa, hata dereva akipiga honi getini na mvua imeshafunga. Wakati ule niliona ananichelewesha. Kwenye usaili nikaulizwa mzigo ukifika pungufu nafanyaje, nikajibu vile vile alivyokuwa anatufanyisha. Asante bosi, asanteni wenzangu wa stoo. Kwa ambao mikataba imeisha, nikiona nafasi za ghala au usafirishaji huku nitaziweka hapa. Kwa sasa najifunza nyaraka za forodha, mwenye uzoefu nazo naomba aniandikie."

Angalia kilichofanyika. Cheo hakijapigiwa tarumbeta, kipo kwenye profaili, anayekitaka atakiona. Sentensi ya kwanza imebeba habari yote, na hii ni muhimu maana LinkedIn kwenye simu inaonyesha mistari michache tu ya mwanzo, mingine inafichwa mpaka mtu abonyeze, sasa ukianza na "Napenda kuchukua fursa hii" basi mistari imeisha hujasema kitu. Wenzake walioko nyumbani wamepewa ahadi anayoiweza, hajawaambia "na nyie zamu yenu inakuja", maneno ambayo kwa mtu aliyemaliza akiba yanachoma. Na pale mwisho anakiri kuna kitu bado anajifunza, ni kweli, hajajifanya mnyenyekevu. Jina la bosi hatukuweka, dada alimpigia kwanza kumwomba ruhusa, mzee akasema asitajwe, tukaacha hivyo.

Mambo ya picha nitapita haraka. Barua ya ajira usiipige picha, hata ukifunika mshahara, na kitambulisho kipya pia acha. Kama ulifanya kazi makambini, Nyarugusu au Nduta, picha zako na wakimbizi au watoto usizitumie kupamba posti, mashirika mengi yana masharti makali kwenye hilo na hayaishi siku mkataba unapoisha.

Sasa muda, hapa ndipo watu wanaharibu hata kama posti ni nzuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi (ukishapita mwezi wa kwanza kazini), na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Katika siku hizo wewe bado ni mfanyakazi wa pale, una makabidhiano, unadai stahiki zako na cheti cha utumishi. Ukiposti katikati ya notisi unamfanya bosi ajibu maswali ya watu kabla hajawaambia timu yake. Mimi nasema subiri vitu vitatu: mkataba mpya umesainiwa na pande zote mbili, makabidhiano yamekwisha, na umeshaingia kazini walau siku chache. Barua ya kukuita kazini peke yake haitoshi, huku kwenye kazi za miradi nafasi imewahi kufutwa mtu ameshaaga.

Halafu kuna hiki kimtego, unapoongeza kazi mpya kwenye profaili kuna kitufe kimeandikwa `Notify network`. Kikiwa kimewashwa, LinkedIn inaweza kuwatangazia watu wako yenyewe, pongezi zinaanza kumiminika na wewe posti hujaiandika. Kizime kwanza. Weka tarehe ya mwisho kwenye kazi ya zamani, ongeza mpya, hifadhi, kisha posti uiandike kwa mkono wako siku unayotaka.

Je, kama ulikotoka kweli walikutesa? Kuna kaka nilimsaidia, mwajiri alikuwa anachelewesha mishahara, alitaka kumwaga yote. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, mwajiri mpya anasoma na anajiuliza siku ukiondoka kwake utasema nini. Ila pia sikumwambia adanganye kwamba pale palikuwa kama familia, waliokuwepo wangemcheka. Aliwashukuru madereva aliozunguka nao, jina la kampuni hakulitaja, akaeleza kazi mpya, basi. Deni la mshahara linadaiwa CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, na kuna muda maalumu wa kulipeleka, kwa hiyo nguvu zake azipeleke huko.

Na baada ya kuposti kaa karibu na komenti. Atatokea tu mmoja aandike "afadhali umetoka pale, walikuwa wanakunyonya". Usiilaiki, usiweke kicheko, maana bosi wa zamani anaona nani kalaiki nini. Jibu "asante kaka, nitakutafuta", halafu mpigie kweli.