Mkistaafu na kuanza kushinda pamoja: yanayosemwa na yalivyo kweli

Ndoa nyingi za watumishi kwetu zimeendeshwa kwa mbali. Mwalimu kapangiwa Rukwa, mke kabaki Morogoro kwa ajili ya shule ya watoto na shamba. Askari kahamishwa kituo baada ya kituo. Kenya nako mume yuko Nairobi, mke analinda boma kijijini. Miaka 60 ikitimia, barua ya kustaafu inawakutanisha wawili hawa chini ya paa moja, asubuhi hadi usiku, kila siku. Hapo wanaanza kupewa kauli zinazosikika kama busara, na nyingine zinawaumiza kweli.

Dhana: "Tuna miaka 30 ya ndoa, tunajuana, hakuna cha kuzoea."

Pigeni hesabu. Mtu anayekuja nyumbani kwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, katika miaka 25 amekaa na mwenzake siku 700. Hiyo haifiki miaka miwili. Tena siku za likizo zilikuwa za kupokeana: mboga nzuri, wageni, na ugomvi uliahirishwa kwa kuwa baba anaondoka Jumapili. Hata waliolala nyumba moja miaka yote, wengi walikuwa wakionana kuanzia jioni tu. Kushinda pamoja mchana kutwa ni maisha ambayo hamjawahi kuyaishi.

Phyllis Moen na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti juu ya wanandoa wa Marekani, na walichokiona kinafanana na ninachokiona hapa. Migongano ilizidi kipindi kile cha kuvuka kutoka kazini, hasa mmoja alipokuwa amestaafu na mwenzake bado anafanya kazi. Kwa waliokwisha kutulia katika kustaafu ilikuwa midogo zaidi. Kwa hiyo mkigombana sana mwanzoni, msikimbilie kusema ndoa imekwisha.

Dhana: "Baba amerudi, sasa nyumba imepata msimamizi."

Hii ndiyo inayovunja amani kuliko zote, kwa sababu nyumba haikuwa ikimsubiri msimamizi. Ilikuwa na utaratibu wake, wenye saa zake na bosi wake.

Chukulia mwalimu mstaafu ambaye mkewe anafuga kuku wa mayai 200. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri. Kuku hao wanakula kama kilo 24 kwa siku na wanatoa trei sita, naye anaokota mayai mara mbili na kuuza kwa wateja anaowajua kwa tabia zao za kulipa. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, anaona chakula ni ghali. Ananunua cha bei nafuu na kubadilisha siku hiyohiyo. Majirani wawili wanapewa trei kwa mkopo, maana kwake kukataa ni aibu. Baada ya siku chache trei zinashuka hadi nne, kwani kuku wanaotaga hupunguza mayai wakibadilishiwa chakula ghafla. Mama hasemi kitu. Anajibu kwa mkato tu, na mwalimu anaamini anadharauliwa kwa kuwa hana mshahara tena.

Kinachosaidia hapo ni daftari. Wakae Jumapili mchana, mama ataje kazi zake saa kwa saa, mwalimu aandike. Kisha amuulize: "Mama, kipi hapa kinakuchosha au hakina mtu?" Mara nyingi jibu linakuwepo: kufuata chakula mjini, kuziba paa la banda linalovuja, kuandika mauzo na kudai madeni. Hizo zinakuwa zake, moja kwa moja, bila kusimamiwa. Aina ya chakula, bei na nani akopeshwe vinabaki kwa mama. Chakula kikibidi kubadilishwa, kichanganywe na cha zamani kidogo kidogo kwa muda wa wiki nzima. Ushauri wangu kwa anayerudi ni huu: miezi mitatu ya kwanza usibadilishe chochote ambacho hukukianzisha, uliza kwanza.

Na msisahau chakula cha mchana. Mama alipokuwa peke yake alikula kiporo saa nane, akiwa amesimama. Sasa saa saba kuna mtu mezani anasubiri, kwa hiyo kuanzia saa tano mama yuko jikoni na biashara imesimama. Hakuna aliyeamua iwe hivyo, imetokea tu. Semeni waziwazi nani anapika siku zipi, na siku zipi kila mtu anajipakulia kilichopo. Mwanamume aliyejipikia miaka yote kituo cha kazi hana sababu ya kusahau kupika akifika kwake.

Dhana: "Anayetaka kukaa peke yake hakupendi tena."

Mwanamume wetu ana pa kwenda: barazani, kwenye bao, msikitini, kwenye mikutano ya usharika. Mke mara nyingi nafasi yake ilikuwa nyumba yenyewe, kuanzia watoto wakienda shule hadi jioni. Mume akishinda sebuleni na redio yake, mke amepoteza chumba chake pekee bila kuhamishwa. Dalili utaziona. Wenzake wa kikoba waliokuwa wakikaa saa nzima sasa wanaishia mlangoni. Simu anaipokelea uani, kwa sababu kila ikilia anaulizwa, "Nani huyo?"

Siku ya kikoba mzee atoke, na ijulikane kuwa ndiyo siku yake ya kutoka. Kila mmoja awe na kona isiyoguswa, hata kama ni kiti chini ya mwembe. Asubuhi mwambiane nani anaenda wapi na atarudi saa ngapi, yatoshe. Maswali ya zaidi ya hapo yanageuka upelelezi.

Dhana: "Lengo la pamoja maana yake ni mradi wa kiinua mgongo."

Kiinua mgongo kikiingia, kila ndugu ana wazo la biashara. Wawili ambao bado hawajajua kupanga chakula cha mchana wanaanza kuendesha daladala pamoja. Fedha ikipotea, lawama zinakuwa na jina la mtu. Jaribuni kwanza kitu kidogo cha kila wiki ambacho kila mmoja ana sehemu yake: mmoja kitalu cha miche, mwingine kuuza. Baada ya msimu mmoja mtajua kama mnaweza kuamua pamoja. Kinachomhusu mmoja kibaki chake, kwaya au shamba la ufuta, bila mwenzake kulazimika kukipenda.

Wajukuu nao huitwa lengo la pamoja. Mjukuu akiletwa kulelewa, ulizeni nani ataamka usiku na nani atampeleka kliniki. Kama majibu yote ni bibi, basi lengo hilo ni la babu tu.

Dhana: "Kununa na kukasirika ni uzee, mwache."

Wakati mwingine ni masikio. Umri hupunguza kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, kwa hiyo mume anaweza kusikia lori barabarani lakini asimwelewe mkewe aliye jikoni. Redio ya juu na "hunisikilizi" vikiambatana, mkapime masikio kabla ya kuitisha kikao cha wazee.

Wakati mwingine ni sonona. Mtu akipoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi na chakula vikaharibika, na hali ikaendelea karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hilo ni la hospitali. Pombe inayoanza asubuhi nayo isingojewe. Na panapoingia kipigo au vitisho, habari za kuzoeana zimekwisha: anayepigwa aondoke kwanza mahali pa hatari, aende kwa ndugu anayemwamini au dawati la jinsia la polisi.