Pesa zimeingia, lakini oda zote zimelipwa?

Dhana: Unapouza kwenye soko la mtandaoni, taarifa yake ya malipo ikilingana na pesa zilizoingia M-Pesa, hesabu imeisha.

Hizo mbili kwa kawaida hulingana, maana zote zinatoka kwenye mfumo mmoja wa soko. Oda iliyosahauliwa na mfumo haimo kwenye taarifa wala kwenye pesa, na hutaiona hata ukikesha. Anza na daftari lako la oda zilizotoka dukani, ndipo utafute namba ya kila moja kwenye taarifa.

Dhana: Mzigo ukirudishwa, kamisheni nayo hurudi yenyewe.

Tuseme unauza madera Mtaa wa Biashara, kila moja shilingi 1,500, na mkataba unasema kamisheni ni asilimia 12. Hiyo ni 180, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, yaani 28.80. Kila dera linakatwa 208.80 na kukuletea 1,291.20.

Wiki hii umeuza kumi. Lakini dera moja la wiki iliyopita, ulilokwisha lipwa, mteja wa Nyali amelirudisha. Unatarajia 12,912 kutoa 1,291.20, yaani 11,620.80. Zinaingia 11,412. Pengo ni 208.80, na namba hiyo si ngeni: ni makato ya dera moja. Soko limekukata 1,500 nzima za mteja, na kamisheni limebaki nayo.

Je, ni kosa? Inategemea mkataba; yapo masoko ambayo kamisheni hairudi. Kama yako inarudi, tafuta mstari wa marejesho ya kamisheni wenye namba ya oda ileile, pamoja na hati inayopunguza ankara ya kamisheni uliyotozwa na soko. Usipouona, lalamika kwa namba ya oda, tarehe ya kurudishwa na 208.80. Ukiandika tu "pesa ni pungufu", utazungushwa.

Dhana: Ankara ya kamisheni ya mwezi lazima iwe sawa na makato ya mwezi huo.

Dera lililofika kwa mteja tarehe 30 huweza kuwa kwenye ankara ya mwezi huu na malipo ya mwezi ujao. Ziandike kando oda za namna hiyo. Kamisheni zake pamoja na kodi zikijumlishwa zifikie tofauti yote. Isipofika, kuna jingine.

Dhana: Kutafuta kila oda kwa VLOOKUP ya Excel kunatosha.

Oda moja huwa na mistari kadhaa: mauzo, kamisheni, kodi, pengine marejesho. VLOOKUP huchukua wa kwanza tu, ikakuonyesha 1,500 ukafurahi bure. Kama kwenye karatasi iitwayo Taarifa namba za oda ziko safu ya A na kiasi safu ya C, makato yakiwa hasi, na oda za daftari lako ziko karatasi nyingine kuanzia A2, jumlisha mistari yote:

```
=SUMIF(Taarifa!A:A,A2,Taarifa!C:C)
```

Dera lililolipwa sawasawa litasoma 1,291.20. Lililorudishwa na kamisheni ikarudi litasoma 0 ukiweka taarifa za wiki zote mbili pamoja. Kamisheni ikibaki sokoni, -208.80. Na 0 kwenye oda ambayo mteja amepokea na hajairudisha? Hiyo hujalipwa.