Sita ya mguu au sita ya koo?

Juzi nimeletewa tena mchoro wa fremu ya kubebea tangi, na kila alama ya fileti, yaani mshono wa kuchomelea kwenye kona ya vipande viwili vya chuma, imeandikwa 6 tupu. Nikamuuliza kijana aliyeuchora: sita ya nini? "Sita ni sita, mzee. Fundi anaelewa."

Dhana: Sita ni sita.

Fileti ina vipimo viwili. Mguu hupimwa kutoka kwenye kona hadi mshono unapoishia juu ya bamba. Koo ni unene kutoka kwenye kona hadi usoni mwa mshono. Miguu ikilingana na uso ukiwa bapa, koo ni kama 0.7 ya mguu. Ukichora kwa AWS A2.4, kiwango cha Marekani cha alama za uchomeleaji, namba iliyo kushoto mwa alama ni mguu. Ukichora kwa ISO 2553, kiwango cha kimataifa, namba hutanguliwa na herufi: z ni mguu, a ni koo.

Kwenye fremu ile mhandisi alikokotoa koo la mm 6 pale nguzo inapokaa juu ya bamba la chini. Fundi angesoma 6, angepima miguu mm 6 kwa geji, na koo lingekuwa mm 4.2. Asilimia 30 imepotea, na mshono unapendeza tu, hauna ufa wala tundu. Mpaka mtu aweke geji ya koo, hakuna atakayejua.

Kinyume chake pia kinauma. Mahali ambapo z6 inatosha, fundi akiweka a6 mguu unafika mm 8.5, na eneo la mshono linapanda kutoka mm² 18 hadi 36. Elektrodi mara mbili, joto jingi, na fremu inavutwa hadi haikai mraba tena. Ndiyo maana sitaki kusikia "weka kubwa, ni salama zaidi". Andika herufi. Mimi hurudia hata kwenye maelezo ya mchoro: "Fileti zote ni z isipoandikwa vingine."

Dhana: Alama ikiwa chini ya mstari, mshono uko chini ya chuma.

Hapana. Kwa AWS, chini ya mstari unaobeba alama ni upande unaoguswa na mshale. Juu ya mstari ni upande wa pili. Kwa ISO yenye mistari miwili, tazama alama imekaa kwenye mstari mzima, ambao ni upande wa mshale, au kwenye mstari wa vipande vipande, ambao ni upande wa pili.

Dhana: "Chamfa" inatosha, fundi atajua.

Atajua kushika grenda na kukata ukingo wa bamba mshazari, basi. Kwa mabamba ya mm 12 yanayokutana ncha kwa ncha na kuchomelewa upande mmoja, mimi huandika V ya nyuzi 60 kwa jumla, mwanya mm 3, na ncha isiyochamfiwa mm 2, hiyo ya mwisho kwa mchoro mdogo wa pembeni. Kama ni bamba moja tu la kuchamfiwa, mshale uliovunjwa uelekee bamba hilo. Usipotaja mwanya, fundi atayabana mabamba yagusane. Pindua kiungo utaona mstari wa maungio upo vilevile, moto haukuufikia.