Video ya siku ya wazi ya skuli: wanayodhani wengi, na ilivyo kweli

Skuli nyingi za Unguja na Pemba siku hizi hutengeneza video fupi ya kuwaalika wazee siku ya wazi. Inapigwa kwa simu, inaunganishwa na kijana mmoja anayejua kukata picha, kisha inatumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Kazi huharibika mapema zaidi, pale inapoandikwa karatasi ya maneno na picha. Hapa chini tunatumia mfano wa skuli ya sekondari ya kubuni, pembezoni mwa Chake Chake, yenye video ya dakika tatu.

Dhana: "Asilimia ya ufaulu inajitosheleza."

Hii ndiyo sehemu mzazi anayoisubiri, na ndiyo inayopotosha kuliko zote, hata pale namba inapokuwa sahihi.

Chukulia skuli yetu ya mfano ilikuwa na watahiniwa 84 wa kidato cha nne. Daraja la kwanza walipata 6, la pili 11, la tatu 14, la nne 41, na sifuri 12. Baraza la Mitihani la Tanzania huhesabu kuwa amefaulu kila aliyepata daraja la kwanza hadi la nne. Kwa hesabu hiyo waliofaulu ni 72 kati ya 84, karibu asilimia 86. Mwandishi wa video anaandika "ufaulu asilimia 86", hajasema uongo, na mzazi anaondoka akiamini kwamba watoto tisa kati ya kila kumi wako njiani kwenda kidato cha tano.

Hawako. Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, ambapo A ni pointi 1 na F ni pointi 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Mwenye daraja la nne kwa kawaida ana D nyingi, na D huanzia alama 30 tu. Kidato cha tano kinataka angalau C tatu, na C huanzia alama 45. Kwa hiyo mzazi anayeuliza "mwanangu atafika wapi?" anahitaji kusikia namba 31, yaani waliopata daraja la kwanza hadi la tatu, ambao ni kama asilimia 37. Zote mbili, 86 na 37, zimetoka kwenye jedwali moja.

Ukweli ni kwamba maneno ya kuisema hali hiyo kwa uaminifu si marefu. Karatasi ya maneno iandikwe hivi:

*"Mwaka 2024 wanafunzi 84 wa skuli hii walifanya mtihani wa kidato cha nne. Thalathini na mmoja walipata daraja la kwanza hadi la tatu. Arubaini na mmoja walipata daraja la nne. Kumi na wawili hawakufaulu."*

Msomaji wa kawaida husoma maneno 100 hadi 120 ya Kiswahili kwa dakika bila kukimbia, hivyo kifungu hiki kinachukua sekunde 22 hivi. Kwenye picha liwekwe jedwali la madaraja lililoandikwa kwa mkono ubaoni, kamera itulie mpaka msomaji amalize. Namba zinazopita mbio zikipambwa kwa nyota na muziki hazisomeki, na mzazi mwenye akili huhisi kwamba anafichwa kitu.

Usisahau kwamba mzazi anaweza kuhakiki. Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, ukurasa wa matokeo wa kila kituo cha mtihani huonyesha mgawanyo wa DIV-I mpaka DIV-0, na jedwali la kituo lina REGIST, ABSENT na SAT, yaani waliosajiliwa, wasiohudhuria na waliofanya. Namba za video ambazo hazilingani na hizo zitagunduliwa kabla video haijamaliza siku moja kwenye simu za watu.

Kuna namba moja ambayo jedwali hilo haliionyeshi, nayo ndiyo inayotofautisha video ya kweli na nyengine: walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi? Tuseme skuli ya mfano ilipokea 112. Waliofika mtihanini ni 84. Wale 28 wengine, 9 walihamia skuli nyengine, 13 hawakuvuka mtihani wa kidato cha pili, ambao Zanzibar husimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, na 6 waliacha. Skuli inayowapunguza wanafunzi dhaifu njiani hupata asilimia nzuri mwishoni bila kufundisha vizuri zaidi. Sentensi moja, "walioanza pamoja nao walikuwa 112", inamwezesha mzazi kuuliza swali sahihi akifika skuli.

Na kama mwaka uliotangulia daraja la kwanza walikuwa 3, msiandike "tumeongezeka maradufu". Kwa idadi ndogo hivyo, watoto watatu tu wenye bidii wanatosha kuleta tofauti hiyo, na mwakani inaweza kurudi ilipokuwa. Wekeni miaka mitatu ubavuni, mzazi aone mwenyewe.

Dhana: "Darasa lipigwe likiwa tupu, safi na limepambwa."

Darasa tupu la Jumamosi linamwonyesha mzazi kuta na madawati, na kuta hazimfundishi mtoto. Anachotaka kujua ni watoto wangapi wanakaa humo, wanakaa wawili au watatu kwa dawati, na je, wa nyuma anauona ubao.

Kwa hiyo pigeni somo likiendelea, kwa idadi ile ile ya kila siku. Picha moja ipigwe kutoka nyuma kabisa, kwenye usawa wa macho ya mwanafunzi aliyekaa, ubao ukiwa mbele. Hiyo ndiyo picha ya kweli kuliko zote. Jihadharini na kile kitufe cha 0.5x kwenye simu: kinavuta pande za chumba, na darasa la watoto 60 linaonekana kama ukumbi. Tumieni 1x, na kama chumba hakienei, pigeni vipande viwili.

Skuli yenye mikondo miwili iseme hivyo. Mzazi akiona darasa la asubuhi lenye nafasi, kisha mwanawe akapangiwa mkondo wa mchana, atajiona kadanganywa. Tena saa hizo ndizo zinazoamua mtoto ataenda chuoni wakati gani. Sentensi inatosha: "Vidato vya kwanza na vya pili husoma mchana."

Saa nzuri ya kupiga ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Baada ya hapo jua la madirishani huwa kali mno, na kamera iliyoelekezwa dirishani huwageuza watoto kuwa vivuli vyeusi. Mpigaji asimame dirisha likiwa mgongoni kwake. Feni izimwe kwa dakika chache hizo, kwa sababu mvumo wake huingia kwenye sauti na hautoki tena. Na masika, chini ya bati, mvua ikianza hamna la kufanya, ahirisheni.

Dhana: "Mwalimu asome maneno mazuri aliyoandikiwa."

Mwalimu anayesoma karatasi iliyo nyuma ya kamera huonekana kwa macho yake: yanakwenda kushoto na kulia. Na maneno "walimu wetu wana uzoefu na ari" hayamwambii mzazi kitu.

Kwenye karatasi ya video, nafasi ya mwalimu iandikwe swali badala ya jibu. Kwa mfano, kwa mwalimu wa hisabati: "Mwalimu, wanafunzi wa kidato cha kwanza hukwama wapi zaidi, na wewe hufanya nini?" Akijibu kwamba hukwama kwenye sehemu na namba hasi, na kwamba huwarudisha kwenye mazoezi ya Alkhamisi jioni, mzazi amepata habari. Katika jibu la dakika mbili, katani sekunde 25 zenye maelezo hayo. Kisha muonyesheni akifundisha, hata kama mwanafunzi ubaoni anakosea. Namna mwalimu anavyolipokea kosa inasema mengi.

Walimu wengi wetu wa kike wamevaa ushungi, na hapa sauti huharibika mara nyingi. Maikrofoni ndogo ikifichwa chini ya kitambaa, kila akigeuza kichwa unasikika mchakacho. Ibanwe juu ya ushungi, nje, usawa wa kifua, na waya upite ndani. Irekodiwe sekunde kumi za majaribio na isikilizwe kwa vifaa vya masikioni kabla ya kuendelea.

Idadi ya walimu itajwe pamoja na pengo lililopo. Kama fizikia haina mwalimu wa kudumu na anayefundisha ni wa kujitolea, andikeni hivyo hivyo. Mzazi ataligundua wiki ya pili ya muhula.

Dhana: "Mzazi alisaini fomu ya kujiunga, basi ruhusa tunayo."

Fomu ya kujiunga ni ya masomo. Video ya matangazo inahitaji barua yake, inayosema itapigwa siku gani, itasambazwa wapi, na kwamba mzazi anaweza kukataa bila mtoto kupata tabu yoyote. Barua itoke wiki mbili kabla. Asiyerudisha ahesabiwe amekataa.

Siku ya kupiga, mwalimu wa darasa awe na orodha mkononi. Wasioruhusiwa wakae upande mmoja ambao kamera haielekei. Msiwatoe nje, wataonekana wamefanya kosa. Msitaje jina kamili la mtoto pamoja na skuli yake. Kabla ya kutuma, simamisheni video kila sekunde tano mtazame ukutani na mezani: mara nyingi kuna karatasi ya alama, daftari la mahudhurio au namba ya simu ya mzazi ambayo hakuna aliyeiona wakati wa kupiga.

Dhana: "Tukitaja kasoro, wazazi watakimbia."

Kasoro inayotajwa pamoja na hali yake ilivyo haimkimbizi mtu. "Maabara ina meza na vifaa, gesi haijaunganishwa. Majaribio ya kemia hufanywa kwa taa za spiriti, wanafunzi watano kwa taa moja." Piga taa hizo zikiwaka na wanafunzi wakifanya kazi. Msichoweza kukiandika ni "gesi itakuwepo mwezi ujao", isipokuwa fundi ameshalipwa na tarehe yake inajulikana. Ahadi ikikwama, video inabaki kwenye simu za watu.

Ndiyo maana maneno kama "mwaka huu" na "hivi karibuni" yafutwe kwenye karatasi nzima na badala yake uwekwe mwaka wenyewe. Sekunde kumi za mwisho ziandikwe tarehe kamili ya siku ya wazi, saa ya kufungua na kufunga, vyumba vitakavyokuwa wazi, na kwamba nakala ya jedwali la madaraja itabandikwa getini pamoja na jina la mwalimu wa kuulizwa.